Kobalti ya Kolwezi: niongeze pesa au nitoke?

*"Mzee, ninauza mahindi na unga soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Aprili 2022 niliweka dola 4,000 kwa kikundi cha watu kumi na wawili. Shemeji yangu wa Kolwezi ananunua jiwe la kobalti, analiweka depo mpaka bei ipande. Wenzangu wote wa likelemba walikuwa wameisha kuingia, mimi nikawa wa mwisho. Agosti mtu alitaka kununua fungu langu kwa 3,100, nikakataa, sikutaka kula hasara. Leo wananiambia lina thamani ya 1,400. Shemeji anasema Serikali imebana mlango, bei ya dunia inapanda, niongeze 1,400 nyingine. Ana miaka tisa kule, anajua. Ninawaza kuuza magunia yangu ya mahindi, yenyewe yana faida. Nifanye nini?" — Mama wa Katuba*

Mama, usiongeze, na mahindi yako yaache kwanza. Kuhusu zile 1,400 zilizobaki, kutoka au kukaa kunategemea maswali matatu ya kumuuliza shemeji, nitayaandika chini. Lakini ukishika jibu hili bila kuona njia iliyokufikisha hapa, mwaka ujao utaniandikia tena, na safari hiyo itakuwa ni juu ya viwanja. Barua yako ina makosa matatu yaliyoshikana mikono: kufuata mkumbo, kuogopa hasara, na kujiamini kupita kiasi. Hilo la tatu umeliazima kwa shemeji.

Tuanzie pale ulipoingia. Ulipoona watu kumi na mmoja wameweka pesa, ulijiambia kwamba watu kumi na mmoja hawawezi kukosea wote. Hesabu hiyo ingekuwa kweli kama kila mmoja angekwenda kuangalia peke yake. Tuseme biashara yoyote inaweza kuwa nzuri au mbaya, nusu kwa nusu, na mtu akiichunguza mwenyewe anaona sawasawa mara mbili kati ya tatu. Watu kumi na mmoja wakichunguza kila mmoja kivyake, na wote wakarudi wakisema ni nzuri, nafasi ya kwamba ni mbaya haifiki hata 1 kwa 2,000. Hapo hata mimi ningeingia.

Sasa tazama jinsi inavyokwenda kwenye kikundi. Wa kwanza amechunguza, ameona dalili nzuri, anaingia. Wa pili naye amechunguza, ameona nzuri, anaingia. Wa tatu amechunguza na ameona dalili mbaya. Lakini anajiuliza: wale wawili wameona nzuri, mimi peke yangu nimeona mbaya. Dalili yake inafuta moja ya zao, moja inabaki, anaingia. Huyo si mjinga, amepiga hesabu nzuri kabisa. Tatizo ni kwamba ile dalili mbaya aliyoiona imekufa mfukoni mwake, hakuna atakayeijua. Wa nne anakuta watatu ndani, anafanya vilevile, na wa tano, mpaka wewe. Watu ni kumi na mmoja, lakini habari ni ya watu wawili tu.

Na watu wawili wanakosea mara ngapi? Biashara ikiwa nzuri, wote wawili wataona nzuri mara 4 kati ya 9. Ikiwa mbaya, wote wawili watadanganyika mara 1 kati ya 9. Kwa hiyo kila mara tano unapowakuta wawili wa kwanza wameingia, mara nne ni sawa na mara moja ni shimo. Wewe uliona hatari ya 1 kwa 2,000, kumbe ilikuwa 1 kwa 5. Wachumi waliandika hesabu ya namna hii mwaka 1992, na nguvu yake ni kwamba haihitaji mtu yeyote kuwa mwongo au mwenye tamaa. Kila mmoja anatumia akili yake, na kundi zima linakwenda bila akili.

Wazee mnakumbuka Bindo ya mwaka 1991, ule mchezo wa kuweka pesa ili zizae haraka, na michezo mingine ya namna ile. Pale kulikuwa na udanganyifu juu yake, ni kweli, lakini aliyeleta pesa ya mwisho alivutwa na kitu kilekile: foleni ndefu mlangoni.

Kuna njia ya kujua kama kundi lina habari au lina watu tu. Muulize kila mwanachama, mmoja mmoja, mbali na wengine: "Wewe mwenyewe uliona nini kabla hujasikia nani ameingia?" Mmoja akisema alikwenda depo akaona magunia yanapimwa, hiyo ni dalili. Akisema "niliona Mama Fulani ameingia, na yule hachezi na pesa", hiyo ni sifuri. Hesabu dalili, usihesabu vichwa. Na kikundi kikitaka kununua kitu kipya, kila mtu aandike ndiyo au hapana kwenye karatasi kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Mkianza kwa kuzunguka meza, anayeongea wa kwanza ndiye ameamua kwa ajili yenu wote.

Sasa Agosti, na zile 3,100. Hapa nitakaa zaidi kidogo, kwa sababu ndipo pesa yako ilipopotelea.

Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walitoa matokeo ya maswali waliyowauliza watu. Moja linafanana na barua yako kiasi kwamba nilicheka. Chagua: upate 3,000 bila shaka yoyote, au ubahatishe upate 4,000 kwa nafasi ya 80 kwa 100, na isipotokea usipate kitu. Watu 80 kati ya 100 walichukua 3,000 yao wakaenda nyumbani. Kisha wakageuza: upoteze 3,000 bila shaka, au ubahatishe kupoteza 4,000 kwa nafasi ya 80 kwa 100, na nafasi ya 20 usipoteze kitu. Hapo watu 92 kati ya 100 walibahatisha. Ukipiga hesabu ya wastani, kubahatisha kule ni hasara ya 3,200, mbaya kuliko 3,000 ya hakika. Mtu yuleyule, mwoga akiwa kwenye faida, anageuka mcheza kamari akiwa kwenye hasara. Anatafuta ule mlango mdogo wa kutokula hasara kabisa.

Baadaye, mwaka 1992, walipima uzito wenyewe: kupoteza dola moja kunauma kama mara mbili na robo ya utamu wa kupata dola moja. Unaweza kujipima jioni hii. Mtu akikwambia turushe sarafu, ukishindwa unalipa dola 100, ni lazima akuahidi ngapi upande wa pili ndipo ukubali? Wengi husema 200 au zaidi, ingawa hata 101 ingekuwa upande wako.

Kwa hiyo ulipoambiwa 3,100, hukuona dola 3,100. Uliona pengo la 900, na pengo hilo lilikuuma kama dola 2,000. Ukisema ndiyo, pengo linakuwa kweli, utalazimika kulitaja kwa jina mbele ya mume na wenzako wa likelemba. Ukisema hapana, linabaki "bado". Sikulaumu kwa sababu bei ilishuka baadaye, hilo hakuna aliyelijua. Kosa ni sababu uliyoitumia. Hukukataa kwa kuwa ulijua kitu juu ya kobalti. Ulikataa kwa sababu ya namba 4,000, na namba hiyo inajulikana na mtu mmoja tu duniani, wewe. Soko la madini la London halijui uliingia kwa ngapi.

Utaniambia bei hurudi. Mwezi Machi 2018 kobalti ilifika karibu dola 95,000 kwa tani. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa karibu theluthi ya hapo. Ikapanda tena, Mei 2022 ikafika karibu 82,000, wakati ule ule ninyi mnaingia. Aliyenunua kileleni 2018 akasema "nitatoka bei yangu ikirudi", alingoja miaka minne na bei yake haikurudi. Februari 2025 tani ilikuwa karibu dola 21,000.

Na sasa unataka kuuza mahindi yenye faida ili kulisha kobalti yenye hasara. Hili nalo limepimwa. Terrance Odean aliangalia akaunti 10,000 za wanunuzi wa hisa wa Marekani, za miaka ya 1987 hadi 1993. Kila walipokuwa na nafasi ya kuuza, waliuza hisa zenye faida karibu mara 15 kwa 100, na zenye hasara karibu mara 10 tu. Kisha akafuata zile hisa mwaka mmoja mbele. Zile walizouza zilifanya vizuri kuliko zile walizong'ang'ania, kwa tofauti ya pointi 3.4 kwa mia. Walikuwa wanakata mti unaozaa ili kumwagilia uliokauka.

Hebu tufanye hesabu ya shemeji mezani. Tuseme dola 4,000 zilikununulia mafungu 20, kila moja 200. Leo fungu ni 70, kwa hiyo una 1,400. Ukiongeza 1,400 utapata mafungu mengine 20. Utakuwa umetoa jumla 5,400 kwa mafungu 40, wastani 135. Shemeji atasema: "Unaona, sasa bei haihitaji kurudi 200, ikifika 135 tu umepona." Inasikika vizuri sana, na hesabu yake haina kosa. Lakini kilichobadilika ni namba ndani ya daftari lako, si jiwe ndani ya depo. Fungu likipanda 10, sasa unapata 400 badala ya 200, na likishuka 10, unapoteza 400 badala ya 200. Umenunua kobalti mara ya pili, basi. Kwa hiyo swali ni lilelile la mtu yeyote anayenunua leo: kama usingekuwa na fungu hata moja, na mtu akakupa dola 1,400 taslimu soko la Kenya, ungepanda gari kwenda Kolwezi kununua jiwe? Ukijibu hapana, basi hata yale mafungu 20 ya zamani unayashikilia kwa ajili ya majonzi.

Tuje kwa shemeji mwenyewe. Simshuku uaminifu. Miaka tisa imemfundisha mengi: anajua barabara, anajua ni depo gani inapunja kilo, anaweza kushika jiwe jeusi na kukisia tenere, yaani kiasi cha kobalti kilichomo, kabla ya metoreksi, mashine ya kuipima, kulia. Katika hayo nitamwamini kuliko mimi. Lakini tenere jibu lake unalipata siku ileile: unakisia, mashine inasoma, unajua umekosea. Ndiyo maana mtu anazidi kuwa hodari. Bei ya mwaka ujao haimrudishii jibu kwa namna hiyo. Akipatia anasema nilijua, akikosea anasema ni Wachina, ni Serikali, ni vita. Uhodari wa jambo moja umemwagikia jambo la pili ambalo hajawahi kupimwa.

Mpime. Mwambie aandike bei mbili za kobalti kwa miezi sita ijayo, ya chini na ya juu, ambazo ana hakika ya 90 kwa 100 kwamba bei halisi itaanguka katikati. Afanye hivyo mara kumi kwa vitu kumi: kobalti, shaba, dola kwa franka, gunia la mahindi Januari, mafuta. Mtu anayejua kiasi cha asichokijua atakosa mara moja tu. Nilijipima hivyo mimi, mhasibu mwenye mvi, miaka ya nyuma, kwa makisio ishirini kwenye daftari la shule. Nilitegemea kukosa mara mbili. Nilikosa mara tisa. Nafasi niliyoiacha kati ya chini na juu ilikuwa nyembamba mno karibu kila mahali, na mbaya zaidi ilikuwa kwenye mahindi, ambayo nilidhani nayafahamu kwa sababu nimekula bukari maisha yangu yote.

Kujiamini huko kuna bei yake. Brad Barber na huyo Odean walifuata nyumba zaidi ya 66,000 za wanunuzi wa hisa kuanzia 1991 hadi 1996. Soko lenyewe lilipanda pointi 17.9 kwa mwaka. Wale waliouza na kununua mara nyingi zaidi walipata 11.4. Ukiweka 1,000 kwa miaka sita, wa kwanza ana karibu 2,690 na wa pili ana karibu 1,910, na tofauti imeliwa na gharama za kuuza na kununua. Katika utafiti mwingine waliona wanaume wanauza na kununua kuliko wanawake kwa asilimia 45, na wanapata kidogo kuliko wao. Unaweza kumsomea shemeji sehemu hiyo ukitaka, mimi sitakuwepo.

Ila tusimpinge kwa sababu tu anajiamini. Tuichukue hoja yake yenyewe. Serikali ilisimamisha kusafirisha kobalti tarehe 22 Februari 2025, na kuanzia tarehe 16 Oktoba ikaweka viwango: kwa mwaka 2026 nchi nzima inaruhusiwa kutoa tani 96,600. Mwaka 2024 tulitoa zaidi ya tani 200,000. Kwa hiyo ni kweli, dunia inapata kidogo, na bei ya London ilipanda kutoka ile 21,000. Hadi hapo shemeji yuko sawa.

Lakini wewe Mama unauza mahindi, hili unalijua kuliko yeye. Zambia inapofunga mahindi yasivuke Kasumbalesa, unga unapanda wapi? Hapa Lubumbashi. Na mkulima wa Zambia mwenye magunia nyumbani, bei yake inafanya nini? Inashuka, kwa sababu hana pa kuyapeleka. Kwenye kobalti, Kolwezi leo ndiyo Zambia. Mlango ukibanwa, anayenufaika ni aliye nje na aliye na ruhusa ya kupita mlangoni. Katika zile tani 96,600, tani 87,000 zimegawiwa makampuni kufuatana na yale waliyokuwa wakisafirisha zamani, na 9,600 zinabaki mkononi mwa ARECOMS, mamlaka inayosimamia soko hilo. Jiwe lililolala depo halina kiwango. Linahitaji kampuni yenye kiwango ilinunue, na kampuni hiyo ina mawe yake tayari, zaidi ya inayoweza kutoa. Bei ya London inaweza kupanda huku ya depo ikilala palepale, na nadhani ndiyo sababu fungu lako bado ni 1,400 wakati redio inasema kobalti imepanda. Hilo shemeji alilikosa, pamoja na miaka tisa yake.

Basi maswali matatu. La kwanza: jiwe langu liko wapi, lilipimwa lini mara ya mwisho, kilo ngapi, tenere ngapi, na lilikuwa kavu au limelowa? Jiwe lililokaa mvua tatu kwenye magunia yaliyopasuka lina maji unayoyahesabu kama kobalti, na mara nyingi limechanganywa na la mwingine. La pili: depo ina karatasi za kufanya biashara hiyo, na nani, kwa jina la kampuni, amesema atanunua? La tatu, na hili ndilo kubwa: hizo 1,400 ni bei ya mtu aliye tayari kulipa wiki hii, au ni hesabu ya shemeji? Kama ni hesabu tu, huna 1,400, una karatasi.

Akijibu yote matatu kwa namba na majina, na ukaona unaweza kununua leo bila kukumbuka 4,000, kaa na mafungu yako, bila kuongeza. Majibu yakiwa ya "usijali Mama", na kuna mtu mwenye pesa mkononi, uza, hata kama atakupunguza kidogo. Mahindi uyaangalie Januari, wakati mavuno mapya bado yako shambani na gunia linatafutwa.

Na kama shemeji atakuja nyumbani kukueleza kwa mdomo, mwambie akuandikie kwanza. Bei mbili, ya chini na ya juu, na tarehe.